Mashine ya kusaga ikifa, hela ya kununulia nyingine iko wapi?

Mashine yangu ya kusaga nilinunua mil 8, fundi kanambia inakaa miaka 6. Niweke sh ngapi kwa mwezi?

Usigawe hiyo mil 8 kwa miezi 72, maana mashine utanunua kwa bei ya siku hiyo. Tuseme bei inapanda 5% kila mwaka, baada ya miaka 6 mil 8 inakuwa kama mil 10.72. Ile mbovu ukiuza chakavu upate mil 1.2 hivi, basi lengo lako ni mil 9.52. Ukificha hela ndani ni 132,200 kwa mwezi, ila ukiweka kwenye akaunti inayokupa 6% kwa mwaka baada ya kodi, yaani 0.5% kwa mwezi, inashuka hadi kama 110,200 kwasababu unapata riba, na riba nayo inazaa riba. Kwenye Excel andika hivi:

```
=PMT(0.005,72,0,-9520000)
```

Kila mwaka ulizia bei dukani upige upya, hiyo 5% ni makadirio tu.

Mimi nimeshasaga miaka 2 bila kuweka hata mia, nimechelewa?

Hujachelewa ila itauma. Weka 48 badala ya 72, utaona kama 176,000. Ile miaka miwili imekuongezea karibu 66,000 kila mwezi.

Mhasibu wetu wa kikundi anakata uchakavu kila mwaka kwenye vitabu, si ndo akiba yenyewe hiyo?

Hapana jamani, na hapa ndo vikundi vingi vinaumia. Uchakavu ni namba ya kwenye vitabu, inapunguza faida lakini hakuna shilingi iliyotoka droo ikaenda benki. Kikundi nilichokuwemo mimi vitabu vilikuwa safi kabisa, mota ikaungua msimu wa mavuno, tukafungua akaunti tukakuta laki tatu na kitu, nyingine tulishagawana kama faida, wateja wakahamia mashine ya jirani wengine hadi leo hawajarudi. Fungueni akaunti ya peke yake, watia saini watatu, na gawio lihesabiwe baada ya hela kuingia huko.

Naweza kuchota humo nikanunua mkanda au beringi?

Usiguse. Mkanda, beringi, nyundo, chekeche, hayo ni matengenezo, yalipwe na mauzo ya mwezi. Labda kusuka mota upya, tena kama fundi anakuhakikishia inaongeza miaka, hapo chota halafu upige hesabu upya kwa miezi iliyobaki.

Miezi ya njaa hakuna kazi, 110,200 naitoa wapi?

Basi kata kwa kilo. Ukisaga kilo 40,000 kwa mwaka, 110,200 mara 12 gawanya kwa hizo kilo inakuja kama sh 33 kwa kilo. Jioni ukifunga soma daftari, kilo 200 ni 6,600, itoe kwenye droo hapohapo kabla hujamlipa kijana.