Vitufe vitatu vikishikwa pamoja kimoja kinagoma: siyo Windows, ni nyaya za kibodi

"Wakuu, niko Mafinga, mimi na mdogo wangu tunacheza gemu la mpira kwenye kibodi moja ya USB. Nikishika mshale wa juu na wa kulia nikimbie mshazari, D ya kupiga shuti inagoma. Kimoja kimoja vyote vinafanya kazi. Fundi kaniambia nipige Windows upya. Ni kweli?"

Mkuu, usipige Windows. Utatoa hela na D itagoma vilevile. Natengeneza kompyuta hapa Mwanjelwa, Mbeya, na lalamiko hili vijana wa gemu wananiletea sana. Kibodi yako ni nzima, ila inainyamazisha D makusudi.

Ukifungua skrubu za kibodi ya bei ya chini utakuta karatasi tatu za plastiki zimelaliana. Ya juu na ya chini zimechapwa njia za umeme, ya katikati ina matundu tu. Ukibonyeza kitufe, njia ya juu inagusana na ya chini kupitia tundu lake. Vitufe ni zaidi ya mia, na chipu haina miguu ya kutosha kukipa kila kimoja waya wake. Ndiyo maana njia hupangwa mlalo na wima, mathalani 8 kwa 18, na kila kitufe kinakaa kwenye makutano. Chipu inaamsha mlalo mmoja, inatazama ni wima zipi zimejibu, kisha inahamia mlalo unaofuata, mzunguko baada ya mzunguko.

Vitufe viwili havina shida kamwe. Shida inaanzia kwenye cha tatu. Tuseme mshale wa kulia uko mlalo wa 1 wima wa A, mshale wa juu uko mlalo wa 1 wima wa B, na D iko mlalo wa 2 wima wa A. Umevishika vyote. Chipu ikiamsha mlalo wa 2, umeme unapita D hadi wima wa A, unarudi nyuma kupitia mshale wa kulia hadi mlalo wa 1, halafu unashuka kwa mshale wa juu na kutokea wima wa B. Ni kama bajaji iliyokwepa foleni ya Mafiati ikaibukia mbele kwa uchochoro. Chipu inaona mlalo wa 2 na wima wa B vimekutana, na pale kuna kitufe kingine, tuseme G, ambacho hakuna aliyekigusa. Hicho ni kitufe hewa, na hiyo ndiyo gostingi.

Kwa chipu, pembe zote nne za ule mstatili zinaonekana zimebonyezwa na haina njia ya kujua ipi ni hewa. Kibodi nyingi za sasa zikifika hapo huzuia kitufe kilichoingia mwisho, kuliko kutuma herufi ya uongo.

Hakikisha mwenyewe. Fungua Notepad, shika mishale yako miwili, kisha gusa herufi moja moja. Zisizoandika ndizo zinazogongana nayo. Halafu geuza: shika D na mshale mmoja, bonyeza wa pili. Kama sasa anayegoma ni mshale, basi ni nyaya. Kitufe kibovu kingegoma hata kikiwa peke yake.

Dawa ya bure ni kuhamishia shuti kwenye herufi iliyoandika, au kwenye Ctrl ya kushoto. Ctrl, Shift na Alt kwa kawaida huwekwa kwenye njia zisizogongana na nyingine. Shift siipendekezi, ukiigonga mara 5 mfululizo Windows inakuletea Sticky Keys katikati ya mechi.

Kwa kuwa mnacheza wawili, mimi ningechomeka kibodi ya pili, hata kuukuu. Kila moja ina nyaya na chipu yake, na Windows inazipokea zote mbili kwa pamoja. Mgongano kati yako na mdogo wako unaisha hapohapo, ingawa wa mishale na D kwenye kibodi yako mwenyewe utabaki hadi uhamishe shuti.

Ukitaka kununua mpya, tafuta yenye dayodi kwenye kila kitufe, maana dayodi hairuhusu umeme kurudi nyuma. Rolova ya vitufe sita, 6KRO, yaani kibodi kutuma hadi vitufe sita kwa mpigo, ni kikomo kingine kabisa: ripoti ya kawaida ya USB ina baiti 8, moja ya Ctrl na wenzake, moja haitumiki, na sita za vitufe vingine. Wewe unakwama kwenye cha tatu, hujafika huko. Na boksi likiandikwa Anti-Ghosting, mara nyingi wanamaanisha eneo la WASD tu. Mwambie muuzaji aichomeke, jaribu mishale yako na D kabla hujatoa hela.