Advansi, mkopo wa benki na makato ya bodi: mwajiri akate mpaka wapi?

"Wadau, niko Mafinga, karani wa stoo kwenye kampuni ya mbao. Mshahara 600,000 kabla ya makato, hakuna posho. Nina mkopo wa benki, wanakata 180,000 kwa mwezi, na bodi ya mikopo nao wameanza kunikata. Tarehe 14 nilichukua advansi ya 150,000 ya mbolea, mwisho wa mwezi nimekuta 81,000 kwenye akaunti. Kuuliza naambiwa nilisaini. Wengine wananiambia mwisho wa kukatwa ni robo, wengine theluthi. Kiwango halali ni kipi?"

Mkuu, nimeandaa mishahara kwenye kampuni binafsi huku Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, Iringa mjini kwanza na sasa Makambako, na slipu ya namna yako nimekutana nayo kila msimu wa kupanda. Hiyo robo na hiyo theluthi zote zipo, ila kila moja ina mahali pake, na kwako hakuna inayokaa moja kwa moja.

Theluthi ni ya watumishi wa umma. Mwalimu au muuguzi wa serikali akiomba mkopo, makato yake yote yakijumlishwa lazima abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Ndiyo maana mwalimu anaweza kuambiwa na benki kwamba "hana nafasi" hata kama yeye mwenyewe yuko tayari kukatwa.

Robo imo kwenye kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo ndiyo inayokuhusu, lakini imewekwa kwa jambo moja tu: mwajiri anapofidia hasara au uharibifu uliotokea kazini kwa kosa lako. Hapo ni lazima akuandikie sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na makato ya fidia hiyo yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Kwa kuwa uko stoo, kifungu hicho kiweke karibu, maana siku hesabu ya mbao ikipungua ndipo utakapokihitaji. Kwa mkopo ulioukubali mwenyewe kwa maandishi, sheria hiyo haikuweka kikomo. Kinachotakiwa ni maandishi yako tu, na kwa hilo ofisi yako ina hoja.

Sasa tuifungue slipu yako, kwa sababu tatizo liko kwenye mpangilio wa makato kuliko kwenye saini.

Kwenye 600,000, NSSF ni asilimia 10, yaani 60,000. Kodi ya PAYE haitozwi kwenye mshahara wote, inatozwa baada ya kutoa NSSF, kwa hiyo inapigwa kwenye 540,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara, hiyo inatoa 24,000. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000. Haya matatu ni ya kisheria, mwajiri hana hiari nayo na wewe huna. Yakitoka unabaki na 426,000.

Benki umesema wanakata 180,000. Ikitoka hiyo unabaki na 246,000. Ukitoa advansi ya 150,000 ungetakiwa kukuta 96,000. Umekuta 81,000. Kuna 15,000 imepotea njiani, na hiyo ni asilimia 10 kamili ya advansi yako. Tazama slipu, utakuta imeandikwa "huduma", "fomu" au imejumlishwa humo humo kwenye mstari wa advansi ukasomeka 165,000.

Hiyo 15,000 haiko sawa. Kifungu cha 27 cha sheria hiyo hiyo kinasema malipo ya awali ya mshahara si mkopo na hayatozwi riba. Ni jasho lako la nusu mwezi, umelipwa mapema. Mwajiri anaweza kukataa kukupa kiasi fulani, lakini akishakupa hawezi kukutoza kwa kukupa, na kuibatiza jina la huduma hakubadilishi kitu. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeona kampuni inayokusanya asilimia hiyo kwa vibarua na makarani wake kila mwezi, na wanaolipa zaidi ni wale wanaopungukiwa zaidi.

Kuhusu 150,000 yenyewe, kwa haki ya mwajiri, mwezi huu jumla umepokea 231,000 kwa awamu mbili, tarehe 14 na mwisho wa mwezi, na ukirudishiwa ile 15,000 inatimia 246,000. Kwa hesabu hiyo hajakukata kupita kiasi. Alipokosea ni kwenye kukupa. Ofisi nyingi zina kanuni kwamba mfanyakazi anaweza kuchukua advansi mpaka nusu ya mshahara, na nusu hiyo wanaipima kwenye mshahara kabla ya makato. Kwako wangeweza kukupa mpaka 300,000, wakati mwisho wa mwezi una 246,000 tu ya kurudishia. Mtu anamaliza mwezi akiwa anadaiwa na kampuni.

Nusu inayotakiwa kupimwa ni ya kile kitakachobaki baada ya makato yote ya kudumu. Kwako ni nusu ya 246,000, yaani 123,000. Chini ya hapo ni advansi ya kweli: unaichukua, inakatwa yote mwisho wa mwezi, mwezi unaofuata unaanza safi. Ikizidi hapo, hata ikiitwa advansi, kwa mfuko wako ni mkopo, na ilitakiwa kuandikwa kama mkopo mdogo wa mwajiri unaolipwa kwa miezi kadhaa. Dalili kwamba mtu ameshavuka huo mpaka ni rahisi kuiona kwenye daftari la advansi: jina lake linatokea kila mwezi, na tarehe zinarudi nyuma. Mwezi wa kwanza tarehe 14, unaofuata tarehe 10, unaofuata tarehe 5. Wewe na hiyo 81,000, kama una kodi ya chumba na unga wa kununua, tarehe 10 utakuwa mlangoni kwao tena.

Ukiniuliza kiwango cha haki kwa sisi wa sekta binafsi, mimi nachukua theluthi ya watumishi wa umma kama sakafu, yaani mahali ambapo mshahara unaobaki hautakiwi kushuka chini yake, nikihesabu kila kitu pamoja na advansi. Theluthi ya 600,000 ni 200,000. Una 246,000 baada ya benki, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni 46,000 kwa mwezi. Ile 150,000 ikigawanywa kwa miezi minne ni 37,500, na unabaki na 208,500 kila mwezi. Imekaa ndani ya sakafu bila riba wala deni jipya.

Ila theluthi isichukuliwe kama kiwango cha kumkatia kila mtu. Kwa anayelipwa 1,500,000 theluthi ni 500,000, na hapo Mafinga mtu anaishi nayo. Kwa mchuma chai au kibarua wa kupanda miche anayepata 210,000 theluthi ni 70,000, na hiyo haimfikishi popote mwenye watoto. Kwa mishahara ya chini mimi huwa nagoma kupitisha mkopo wowote unaomwacha mtu chini ya nusu ya kile anachobaki nacho baada ya makato ya kisheria. Mabosi wangu wamewahi kulalamika kwamba nawabania wafanyakazi. Nawajibu kwamba mtu akikatwa hadi akaisha, anahamia kwa wale wa kausha damu, anawaachia kadi ya benki na namba ya siri, na baada ya hapo haji kazini kwa moyo kwa sababu hata akija mshahara si wake.

Kuhusu saini, omba nakala ya fomu uliyosaini uisome. Nyingi zina sentensi ya jumla, kitu kama "naruhusu kukatwa kiasi chochote nitakachodaiwa". Makubaliano ya maana yanataja deni ni kiasi gani, linakatwa kiasi gani kwa mwezi, kwa miezi mingapi, linaanza mwezi upi, na ukiacha kazi salio linafanywaje. Kama fomu yako haina 165,000 wala haitaji ada, basi hukuikubali hiyo 15,000 hata kwa maandishi.

Bodi usiiguse, hiyo ni sheria. Benki pia usikimbilie kuomba waongeze muda ili rejesho lipungue, maana riba inaongezeka na unakaa na deni muda mrefu zaidi. Ila waombe taarifa ya mkopo wako uone kama hiyo 180,000 inafika kwao kila mwezi. Nimeshuhudia mwajiri anakata kwenye slipu, hela inakaa kwenye akaunti ya kampuni, na benki inamwandikia mfanyakazi faini ya kuchelewa.

Cha kugusa ni advansi. Andika barua kwa ofisi ya utumishi, ukurasa mmoja, upeleke nakala mbili na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba mambo mawili: warudishe 15,000 kwa kuwa advansi haitozwi riba, na ile 150,000 waigeuze kuwa mkopo mdogo wa miezi minne ukianzia na mwezi huu. Wakikubali, wanatakiwa kukurudishia 112,500 pamoja na hiyo 15,000, na mwezi wako unatimia 208,500. La kwanza ni haki yako. La pili ni ombi, wanaweza kukataa, lakini mhasibu anayeona hesabu imepigwa vizuri hivyo huwa anakubali kuliko anayeletewa malalamiko matupu. Ahidi kwenye barua kwamba hutachukua advansi nyingine mpaka hiyo iishe, na uitimize.

Wakikaa kimya kuhusu 15,000, nenda kwa afisa kazi na slipu, nakala ya fomu na barua yenye muhuri. Isipotatuliwa hapo, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba moja, CMA F.1. Kwa migogoro isiyo ya kufukuzwa kazi una siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa hiyo usikubali kuzungushwa na ahadi za "tutarekebisha mwezi ujao" mpaka siku zikaisha. Na barua ifike kabla ya tarehe 20, maana ofisi nyingi zinafunga hesabu za mishahara siku hizo, na ikichelewa utasubiri mwezi mzima mwingine.