Kuongeza mwanga bila kugeuza rangi

"Nikiongeza mwanga wa picha kwa kodi, ngozi inageuka njano. Nihamie HSV au nibaki RGB?"

Baki RGB, ila zidisha R, G na B kwa namba moja, isiyozidi jibu la 255 kugawanywa kwa thamani kubwa kuliko zote kati ya hizo tatu. Chukua pikseli (200, 100, 50), H yake, yaani pembe ya rangi katika HSV, ni 20°. Ukizidisha kwa 1.5, R inafika 300 na kukatwa hadi 255; (255, 150, 75) ina H 25°, ndiyo njano yako. Kwa 1.275, yaani 255/200, H haisogei. Anayeshauri HSV naye yuko sawa: kupandisha V, yaani mwangaza, peke yake ni hesabu hiyohiyo. Ila maktaba ya OpenCV, kwa picha za biti 8, huigawa H kwa 2, hivyo 20° utaiona 10, na desimali hupotea ukirudi RGB.