Msomaji Alisikia Makofi Baada ya Mazishi

Wiki tatu zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa jarida la chama chetu. Ni mwalimu mstaafu, haoni, na barua pepe pamoja na majarida huyasoma kwa kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti kilichoandikwa kwenye kompyuta. Aliandika hivi: "Mhariri, nimesikia mweka hazina amesema kwamba tunasikitika kutangaza kifo cha mzee wetu, mazishi yakafanyika Jumamosi, halafu ada haitapanda, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Naomba unieleze walichokuwa wanashangilia."

Nilicheka. Kisha nikafungua toleo lile na kicheko kikakatika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa fahari yangu: safu mbili, rambirambi ndani ya fremu nyeusi upande wa kulia chini, picha ya mkutano juu yake, na habari kuu ikianza safu ya kushoto na kumalizikia safu ya kulia. Nilikuwa nimesifiwa kwa ukurasa ule, tena na watu wanaojua kazi. Nikaweka vipokea sauti masikioni, nikawasha NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, na kusikiliza kazi yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nianze uhariri. Ni miaka sita. Naona haya kuitaja.

Nawaandikia ninyi mnaotengeneza majarida kwa Word usiku, baada ya kazi zenu za mchana, mkitaka yafanane na yale ya wenye pesa. Najua mnavyopanga safu, kwa sababu mimi nilipanga vivyo hivyo: unachora kisanduku cha maandishi, unakivuta kushoto, unachora kingine, unakivuta kulia. Jicho linaona safu mbili. Faili haina safu hata moja. Ina visanduku vinavyoelea, na kila kimoja kimetiwa nanga kwenye aya fulani ya waraka. Ukigeuza waraka kuwa PDF, mpangilio wa kusomwa hufuata mahali nanga ilipo na mfuatano wa visanduku ndani ya faili. Mahali ulipokiburuta kisanduku kwa macho hapahesabiki. Ukibaki ndani ya Word yenyewe, kisoma skrini kinaweza kuviruka visanduku vya aina hiyo bila kukwambia kwamba kuna kitu pale.

Kwangu ilikuwa hivi. Nilichora safu ya kushoto kwanza. Upande wa kulia nilikuwa nimepanga kuweka picha na rambirambi tu, kwa hiyo fremu ya rambirambi ikawa ya pili. Habari kuu ilipozidi urefu nikachora kisanduku cha tatu katikati ya kulia na kumwaga humo mistari iliyobaki. Kushoto iliishia kwenye maneno "mweka hazina alisema kwamba". Mashine ikasoma cha kwanza, cha pili, cha tatu. Rambirambi ikaingia katikati ya sentensi, na makofi yaliyokuwa ya ada yakaangukia kaburini.

Nilivifuta visanduku vyote. Usijaribu kuvipanga upya kimoja kimoja. Nilipoteza jioni nzima kwa ukaidi huo. Nikabandika maandishi yote kwenye ukurasa mtupu yakiwa safu moja ndefu, kwa mfuatano ambao ningemsomea mtu kwa sauti: jina la jarida, habari kuu yote hadi nukta yake ya mwisho, kisha rambirambi, kisha habari ndogo. Hapo tu ndipo nilipogusa safu. Unaweka kishale mwanzo wa habari kuu, unakwenda `Layout`, `Breaks`, `Continuous`, ili jina la jarida libaki juu likichukua upana wote. Kisha `Layout`, `Columns`, `Two`. Maandishi yanateremka safu ya kushoto na kupanda yenyewe juu ya safu ya kulia, na kwa mashine bado ni mkondo mmoja. Ukitaka rambirambi ianzie juu ya safu mpya, weka `Breaks`, `Column` mbele yake. Usibonyeze Enter mara kumi na mbili kuisukuma, kwa sababu kila mstari mtupu unaweza kutangazwa, na msikilizaji wako atakaa akisikia "tupu, tupu, tupu". Fremu nyeusi haikupotea: niliipa aya mpaka wa kawaida kupitia `Borders`, na sura yake ni ileile.

Kuna nilichokipoteza, nami bado kinaniuma. Safu za Word hazijui kuruka. Zamani habari kuu ilikatika ukurasa wa kwanza kwa maneno "inaendelea ukurasa wa 4", kama gazeti. Sasa habari inamalizika palepale ilipoanzia, au naiandika fupi. Wenye InDesign wanaweza kuunganisha fremu za ukurasa wa kwanza na wa nne ziwe uzi mmoja. Sisi wa Word tukubali hasara hiyo. Tena mwaminifu aseme: ni msomaji gani, hata mwenye macho mawili mazima, aliyewahi kuufuata ule ukurasa wa 4?

Vichwa vya habari ndivyo vilivyoniaibisha zaidi. Nilidhani ninavyo. Nilikuwa na maneno makubwa, mazito, ya rangi ya samawati, lakini kwa mashine yalikuwa aya kama aya nyingine. Mtu anayeona hutupa jicho ukurasani na kuchagua habari. Anayesikiliza hubonyeza herufi `H` ndani ya NVDA na kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Mwalimu yule alikuwa akibonyeza `H` kwenye jarida langu na kuambiwa hakuna kichwa kinachofuata, hivyo akasikiliza kurasa nne kutoka juu hadi chini, kila mwezi, akitafuta tangazo moja la mkutano. Alisikiliza kwa miaka.

Dawa yake ni mitindo. Jina la jarida linapewa `Heading 1`, kila habari `Heading 2`, na vichwa vidogo ndani ya habari `Heading 3`. Usichague ngazi kwa ukubwa wa herufi unaoupenda. Kama `Heading 2` haikupendezi, bofya kitufe cha kulia juu yake, chagua `Modify`, uipake samawati yako. Vichwa vyote vya jarida vitabadilika pamoja. Jina la jarida lenyewe nilikuwa nimelichora kwa `WordArt` na kuliweka kwenye eneo la juu la ukurasa, lile linalojirudia kila karatasi. Eneo hilo kisoma skrini hakilipitii katika usomaji wa kawaida, kwa hiyo jarida letu halikuwa na jina. Nililishusha ndani ya waraka, likawa maandishi ya kweli.

Tuje kwenye picha. Kwanza zishushwe zisielee: bofya picha, `Layout Options`, `In Line with Text`, na uipe aya yake mwenyewe baada ya aya inayoihusu, isiikate sentensi. Kisha bofya kitufe cha kulia, `View Alt Text`, uandike maelezo. Ya kwangu ya kwanza yalikuwa "Picha ya mkutano". Mwalimu akanijibu kwamba kisoma skrini kimeshamwambia ni picha, na habari imeshamwambia ni mkutano. Sasa nimwambie kilichomo. Nikaandika: "Mweka hazina amesimama mbele ya meza, ameinua daftari la hesabu juu ya kichwa, wanachama walioketi mbele wanacheka." Ni sentensi moja, na inabeba kile kilichonifanya niichague picha ile badala ya nyingine ishirini. Maneno yaliyo chini ya picha, ambayo kila mtu anayaona, sikuyarudia humo, maana angeyasikia mara mbili. Maua ya pembeni ya ukurasa niliyatia alama ya `Mark as decorative` ili yapitwe kimya. Lakini tangazo la mkutano mkuu, lililokuja kwangu likiwa picha yenye tarehe, saa na ajenda, sikulihifadhi kwa maelezo ya picha. Nililipiga chapa upya lote kama maandishi. Tarehe iliyo ndani ya picha hainakiliki kama maandishi ya kawaida.

Basi nikatuma toleo lililorekebishwa, nimejaa majivuno. Jibu likaja baada ya saa moja: "Safari hii hakuna kichwa hata kimoja." Nilitaka kutupa kompyuta. Kosa lilikuwa hatua ya mwisho: nilitengeneza PDF kwa kupitia uchapishaji, `Microsoft Print to PDF`, kama nilivyozoea. Njia hiyo hupeleka wino tu. Vichwa, mfuatano na maelezo ya picha huachwa nje. Njia sahihi ni `Save As`, uchague PDF, ufungue `Options`, na uhakikishe `Document structure tags for accessibility`, yaani alama za muundo wa waraka, ina tiki. Baadaye fungua faili ndani ya Acrobat Reader, bonyeza `Ctrl+D`, utazame mstari wa `Tagged PDF`. Ukisema `No`, umerudi nilikokuwa mimi.

Hata `Yes` haithibitishi kwamba mfuatano uko sawa. Inathibitisha tu kwamba alama zipo. Kwa hiyo sikiliza. Mimi nafunga macho, nabonyeza `H` toka mwanzo hadi mwisho na kuhesabu vichwa. Toleo la mwezi huu vilikuwa 11, sawa na nilivyoviandika. Kisha nasikiliza mahali pamoja tu pa kila ukurasa, pale safu ya kushoto inapoishia, nione kama sentensi inavuka salama. Jambo jingine nililolisikia kwa masikio yangu: waraka wangu ulikuwa umewekwa lugha ya Kiingereza, na Kiswahili changu kilitamkwa kama cha mgeni aliyeteremka jana. Chagua maandishi yote, nenda `Review`, `Language`, `Set Proofing Language`, uchague Kiswahili. NVDA huja na sauti ya eSpeak NG inayokisema; ni kikavu kidogo, lakini kinaeleweka.

Mwenzangu mmoja wa kamati alipoona nimeondoa mruko wa ukurasa wa 4 alisema naharibu jarida kwa ajili ya mtu mmoja. Sikumjibu siku ile, na bado nina kinyongo. Mtu huyo mmoja analipa ada ileile, na alikuwa akilipia kurasa nne za mchanganyiko. Halafu anayesoma kwenye simu naye ananufaika: PDF yenye alama zilizopangwa hupangika upya kwa upana wa kioo kidogo, bila kuburuta ukurasa kushoto na kulia.

Swali lililobaki mezani ni picha ya pamoja ya toleo lijalo, yenye watu 32 waliopangwa mistari mitatu. Nilifikiri kuandika majina yote kwenye `Alt Text`. Mwalimu amekataa: maelezo ya picha husomwa kwa mkupuo, hawezi kurudi nyuma jina kwa jina. Anataka maelezo yaseme ni kundi la watu 32 katika mistari mitatu, wazee wameketi mbele, na majina yawe maandishi ya kawaida chini ya picha, mstari kwa mstari, kuanzia kushoto. Nimeshaandika mistari miwili. Kwenye ule wa nyuma kuna kijana ambaye hakuna anayemkumbuka jina.