Skyrim ikijifunga kabla ya menyu, gawa modi nusu kwa nusu

Skyrim Special Edition ikijifunga kabla menyu haijatokea, usikimbilie kufuta modi. Hapa Lubumbashi mega ni ghali, na ukifuta utapakua upya hata zile ambazo hazikuwa na kosa. Zizime kwa mafungu, uone mchezo unafunguka lini.

Kijana mmoja jirani yetu wa Katuba aliniletea kompyuta yake ikiwa na modi 32 ndani ya Mod Organizer 2, programu ya kupanga modi. Tulianza kwa kunakili profaili yake, ili mpangilio wa awali ubaki salama. Kisha tukazima modi zote na kuuwasha mchezo kwa SKSE, programu inayopakia nyongeza za `.dll` za modi. Ulifunguka, kwa hiyo mchezo wenyewe ulikuwa mzima na kasoro ilikuwa kwenye orodha.

Yeye alikuwa ameshahangaika kuondoa alama za tiki upande wa kulia wa Mod Organizer. Upande huo unaonyesha plagini tu, yaani faili za `.esp` na wenzake. Modi nyingi huja pia na faili ya `.dll` ndani ya `SKSE\Plugins`, na hiyo hupakiwa hata ukizima `.esp` yake. Zima modi nzima upande wa kushoto, la sivyo unayemtafuta bado yumo.

Tukawasha 16 za juu. Address Library tuliiacha ikiwaka muda wote, kwa sababu `.dll` nyingi huitegemea. Modi inayohitaji master, yaani plagini nyingine ambayo bila hiyo haifanyi kazi, nayo lazima iende fungu moja na master wake. Ukiwatenganisha, mchezo utaanguka kwa sababu nyingine kabisa, nawe utamlaumu asiyehusika. Mod Organizer huweka alama ya onyo kando ya plagini iliyokosa master, basi itazame kabla ya kila jaribio.

Fungu la juu lilifunguka. La chini nalo likafunguka! Hapo wengi hukata tamaa, kumbe jibu limeshajionyesha: hakuna modi mbovu peke yake, kuna mbili zisizopatana, kila moja upande wake.

Basi tuliacha fungu la juu lote likiwaka, tukaongeza nusu ya la chini, halafu nusu ya nusu hiyo, tukifuata daima upande unaoangusha mchezo. Fungu la 16 humalizwa kwa majaribio manne. Tulipobaki na modi moja ya chini, tuliiacha ikiwaka, tukagawa la juu vivyo hivyo. Zikatoka mbili, zote zikiwa na `.dll` inayogusa kamera.

Ukizipata, angalia kwanza kama kila `.dll` imetengenezwa kwa toleo la mchezo ulilonalo. Zake zilikuwa sawa, hivyo alichagua moja. Tulirudi kwenye profaili ya awali, tukazima ile nyingine tu, na menyu ikatokea. Isingetokea, maana yake kuna mgogoro wa pili, na ungeanza kugawa tena zilizobaki.