Mgeni wa Kampuni Akiomba Risiti ya KRA, Usikimbilie Kuandika

Jana dada mmoja wa Nakuru ameniandikia. Ana gesti ya vyumba sita, mgeni wa kampuni anataka risiti ya KRA, naye hajui aandike nini. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilipita hapo hapo, na bado pananiuma.

Mgeni wangu alilala siku tatu hapa Milimani, Kisumu, kwa shilingi 5,900 kwa usiku, kila kitu ndani. Asubuhi ya kuondoka, gari likimngoja nje, alinitajia PIN nami nikaiingiza kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa kutolea ankara. Ilianza na A. Hiyo ni PIN ya mtu binafsi. Ya kampuni huanza na P. Baada ya wiki mbili mhasibu wao akapiga simu: “Mama, hii hatulipi. Kampuni yetu haimo humu. Na hesabu yako ya kodi si sawa.”

Nilijitetea sana. Kumbe alikuwa na haki kwa yote mawili. Bila PIN yao, VAT hiyo hawawezi kuidai. Nami nilikuwa nimechukua 16% ya 17,700, nikapata 2,832, ilhali 17,700 tayari ilikuwa imebeba VAT 16% na tozo ya utalii 2%. Unagawa kwanza kwa 1.18 upate bei halisi, 15,000. Kodi zote mbili zinahesabiwa juu ya hiyo:

Malazi, jina la mgeni, usiku 3 x 5,000: 15,000
VAT 16%: 2,400
Tozo ya utalii 2%: 300
Jumla: 17,700

Tozo ipewe mstari wake. Ukiichanganya na VAT, mhasibu ataona 18% na atakupigia simu, amini usiamini. Na kama hujasajiliwa kwa VAT, usiandike mstari wa VAT kabisa. Hiyo si pesa yako kuikusanya.

Ankara ya eTIMS ikishatoka haifutwi. Ilibidi nitoe krediti noti yenye namba ya ankara ile ya kwanza, ndipo niandike mpya. Pesa zangu zilikuja baada ya miezi miwili, na stima nikalipa kwa kukopa kwa shemeji. Shemeji hajaacha kunikumbusha.

Sasa chumba kikishawekwa tu, natuma ujumbe huu, nanyi uchukueni:

“Habari. Ili tuandae ankara ya eTIMS, tafadhali tutumie jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha PIN, PIN inayoanza na P, barua pepe ya mhasibu, na namba ya LPO kama ipo. Bei ina VAT 16% na tozo ya utalii 2%.”

Ombeni cheti chenyewe, jamani, si namba ya kutajiwa mlangoni. Mgeni akisema “nitatuma nikifika Nairobi,” mwambie apige simu ofisini kwao akiwa bado anakunywa chai. Mimi cheti nisipokiona, ankara haitoki, hata dereva apige honi namna gani.