Mnaoanza kuuza meseji za jumla, oneni ujumbe kabla hamjataja bei

Juzi kijana wetu mmoja kanipigia saa mbili usiku sauti inatetemeka, salio limeisha katikati ya kutuma na mteja wake anamkoromea. Nikamuuliza kitu kimoja tu, huo ujumbe umeandikwa wapi? Akasema mteja kautuma kwenye Word. Basi nikajua. Wadogo zangu nawapenda sana ila hili nimelisema mpaka nimechoka, leo naliandika.

1. Bei. Usimtajie mtu bei kwa kuhesabu namba za simu peke yake. Mimi nilifanya hivyo kwa mwenye duka la pembejeo huku Kanda ya Ziwa, ana wateja 1,900, nikamwambia shilingi 22 kwa kila mtu, jumla 41,800, akalipa palepale. Mimi nilikuwa nanunua kwa 16, nina salio la meseji 5,000, nikaona nimetoboa. Ujumbe wake ulikuwa huu:

Mpendwa mfugaji, dawa ya kuogesha ng’ombe imeshuka bei. Lita moja ni sh 28,000 hadi Jumamosi. Karibu dukani kwetu, nyuma ya stendi, au piga simu.

Herufi 145, na meseji moja inabeba 160, kwa hiyo nikabonyeza tuma. Sasa angalieni hilo neno ng’ombe. Word inaigeuza ritifaa kuwa ile ya kupinda (’), sio ya kawaida iliyonyooka ('), na ile ya kupinda haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za meseji. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine ambao meseji moja inabeba 70, na ukizidi hapo unakatwa vipande vya 67. 145 gawa kwa 67, unapata vipande vitatu. Kila mfugaji kanila meseji tatu. Paneli ya kutumia meseji iliandika 3 pale chini ya kisanduku cha kuandikia na mimi sikuangalia.

Salio likakata kwenye mtu wa 1,666. Waliobaki 234 walikuwa mwisho wa orodha, wa vijiji vya mbali, ndio hasa mwenye duka alikuwa anawataka. Akapiga, mbona hawa hawajapata? Nikasingizia mtandao, nikaongeza salio la 2,000, nikatuma tena orodha nzima kuanzia juu. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kwa sababu sikufungua ripoti. Watu 667 wa mwanzo wakapata ujumbe uleule mara ya pili, salio likaisha tena, na wale 234 hawakupata kitu. Meseji 7,000 kwa 16 ni 112,000, nimepokea 41,800. Mteja alipoteza Jumamosi yake, na mimi nilimdanganya kuhusu mtandao, nilikuja kumwomba radhi baadaye sana.

Dawa yake ni dakika moja: bandika ujumbe kwenye Notepad, futa ritifaa uandike upya kwa mkono, toa emoji, soma namba ya vipande kwenye paneli, jitumie mwenyewe kwanza. Ndio utaje bei, na uitaje kwa kipande.

2. Jina la mtumaji. Mwisho herufi 11 na nafasi inahesabiwa, DUKAPEMBEJEO ni 12 haipiti. Barua ya kuomba jina iwe ya mteja, yenye nembo na mhuri wake, na jina lifanane na biashara iliyo kwenye leseni, usimkopeshe jina la mteja mwingine hata akikusihi vipi maana lawama zitamwangukia mwenye jina. Anza mapema, watu wanakuja Alhamisi na ofa ya Ijumaa. Na ujumbe unaotoka kwa jina haujibiki, kwa hiyo namba ya simu iandikwe ndani. Ule wa kwangu unasema "piga simu" na hauna namba, wafugaji wangepiga wapi?

3. Malalamiko. Mtu akiuliza namba yake mmeitoa wapi, mteja wako awe na jibu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Orodha za kununua mtaani kataa. Aliyesema hataki, mtoe siku hiyohiyo na umweke kwenye faili la peke yake, la sivyo mteja akileta orodha mpya anarudi.

Kuhusu "haijafika", fungua ripoti. DELIVRD imefika kwenye simu, EXPIRED mara nyingi simu ilizimwa muda mrefu, UNDELIV kagua namba, Excel inapenda kula sifuri ya mwanzo kwa hiyo andikeni namba kuanzia 255. Yule kijana nimemwambia apakue ripoti, achuje ambao hawakutumiwa kabisa, arekebishe ritifaa, awatumie hao tu. Kanijibu saa nne, walikuwa 310 na zimefika.